Mita thelathini kutoka katikati ya barabara

Ukitoka Mtwara mjini, ukapita Naliendele na Nanguruwe, lami inakubeba kilomita 50 mpaka Mnivata. Kipande hicho ndicho kilichotangulia. Kuanzia Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ni kilomita 160 nyingine, za mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na humo ndimo kwenye kijiji cha ndugu wawili ninaotaka kuwazungumzia. Majina yao nayaweka kando, maana ni watu wa nyumbani.

Mjomba wao alipofariki aliwaachia shamba moja la mikorosho. Mkubwa akachagua ukanda wa mbele, karibu na barabara ya vumbi, asiwe na kazi ya kubeba magunia kichwani msimu ukifika. Mdogo akapewa nyuma na akanung'unika mwaka mzima. Ukanda wa mkubwa ulikuwa na urefu wa mita 110 na kina cha mita 35, yaani pungufu kidogo ya heka moja, na ndani yake mikorosho 25. Kisha wakaja wapima wa barabara. Kona iliyokuwa hapo ikanyooshwa, vigingi vikapigwa mita 30 kutoka katikati ya barabara kama sheria ya barabara ya 2007 na kanuni zake zinavyotaka kwa barabara kuu na za mkoa, na ukanda wote wa mkubwa ukaingia ndani ya hifadhi. Mdogo, aliyekuwa nyuma ya kaka yake, akaamka siku moja yuko mbele ya lami.

Mkubwa alilipwa fidia. Mthamini alihesabu mikorosho, akaipima ardhi kwa bei ya shamba la kijijini, akaongeza posho ya usumbufu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na msingi wake ni bei ya soko. Lakini soko linalotazamwa ni lile la shamba kama lilivyokuwa kabla ya barabara. Na hapo mthamini hakukosea. Ukimlipa mtu thamani iliyoletwa na barabara ile ile inayomwondoa, unamlipa kwa kitu ambacho kisingekuwepo kama asingeondoka.

Mdogo hakulipwa chochote, wala hakudai. Hata hivyo, kabla kokoto ya kwanza haijamwagwa, dalali mmoja kutoka Tandahimba alikuwa amefika mara tatu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 upande wa barabara alikitaka kwa shilingi milioni nne. Heka nzima kijijini hapo ilikuwa ikiuzwa milioni moja, na heka moja inatoa viwanja vya namna hiyo sita na ushei. Piga hesabu mwenyewe: heka ya milioni moja imekuwa heka ya milioni 24 na zaidi, na mwenyewe mwaka huo hata salfa hakupuliza.

Hicho kilichoongezeka wachumi wanakiita pango. Silo pango la nyumba tunalolijua, ingawa ni ndugu yake. Ni malipo ambayo mwenye kitu anayapata juu ya kile ambacho kingetosha kumfanya akiache kitu hicho kitumike. Mkulima wa mihogo usipomlipa, halimi. Fundi pikipiki usipomlipa, anafunga spana zake anaondoka. Ardhi usipoilipa haiendi popote. Itaendelea kulala pale pale ilipo, mita 31 kutoka katikati ya barabara, na hakuna atakayetengeneza nyingine ya kuiwekea ushindani mahali hapo hapo. Malipo ya jasho yana sakafu, ukishuka chini yake kazi inasimama. Malipo ya mahali hayana sakafu hiyo, kwa hiyo yote yanayozidi yanabaki mkononi mwa aliyeshika mahali.

Ngoja nikuonyeshe kwa mama lishe mmoja aliyepanga kibanda kwenye kituo cha magari, katika kile kipande cha lami kilichotangulia. Zamani alikuwa analipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Lami ilipokamilika magari yakaongezeka, akawa anakanda unga mara mbili kwa siku, anaamka saa tisa usiku badala ya saa kumi. Mwaka haukuisha mwenye kibanda akapandisha mpaka 60,000. Nilimuuliza kama alikataa. "Nikatae niende wapi, mwanangu? Nikitoka leo, kesho asubuhi kuna mwingine anawasha jiko." Wateja wale wote waliosimama pale kwa ajili ya barabara, faida yao ilipita mikononi mwake ikaenda kwa mwenye kibanda. Yeye alibakiwa na ujira wake wa kawaida na usingizi uliopungua saa moja.

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema: ndiyo maana chapati ghali barabarani, pango liko juu. Kamba imevutwa kinyume. Mwaka 1817 David Ricardo, Mwingereza aliyetajirika kwenye soko la hisa kabla ya kugeukia uchumi, aliandika kuhusu nafaka kwamba bei yake haiko juu kwa sababu pango linalipwa. Pango linalipwa kwa sababu bei ya nafaka iko juu. Chapati ya pale kituoni ni ile ile na bei yake ni ile ile ya Mtwara mjini, maana abiria anajua bei. Kilichobadilika ni kwamba pale zinauzika 200 kwa siku na kule ndani ya kijiji zinauzika 40. Faida ya tofauti hiyo ya mauzo ndiyo pango, na mwenye kibanda akiamua kesho kulisamehe, chapati haitashuka hata shilingi kumi. Mama lishe ndiye atakayeanza kulichukua yeye. Na akiamua kuhama, atamwomba anayeingia ampe kilemba, kama wanavyofanya wenye fremu Kariakoo. Kilemba hakilipii meza wala sufuria. Kinalipia mahali.

Sasa turudi shambani, kwa sababu kupanda kwa bei kando ya barabara kuna tabaka mbili na zikichanganywa huelewi kitu.

Tabaka ya kwanza ni nauli iliyookolewa. Chukua heka moja ya mihogo inayotoa tani tatu. Tuseme kwenye vumbi lori linatoza shilingi 60,000 kwa tani kuifikisha Mtwara, na kwenye lami linatoza 30,000 kwa sababu haliharibiki na linarudi siku hiyo hiyo. Umeokoa 90,000 kwa mwaka kwa heka. Nani anaipata? Mwenye lori angependa, lakini malori ni mengi na lami inayaita mengine. Kibarua naye angependa, ila ujira wake unafuata ujira wa vijiji vyote vya jirani, vyenye lami na visivyo nayo. Mlaji wa Mtwara atapata kidogo, na atapata zaidi kama barabara itafungua mashamba mengi kwa mpigo. Kinachobaki kinaangukia kwenye heka, kwa sababu ndiyo pekee isiyoweza kuongezeka wala kuhama.

Ili ujue heka ipande bei kiasi gani, jiulize mnunuzi angepata wapi faida kama hiyo. Hatifungani za serikali za miaka 25 zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, basi tuishike 15. Fedha gani ukiiweka kwa asilimia 15 inakupa 90,000 kila mwaka? Ni 600,000. Heka ya mihogo iliyokuwa milioni moja inapaswa kufika milioni moja na laki sita.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa korosho uone inavyonywea. Mikorosho 28 kwa heka, kilo kumi kwa mti, ni kilo 280. Kwa nauli ile ile umeokoa shilingi 30 kwa kilo, yaani 8,400 kwa mwaka. Kwa asilimia 15 hizo ni 56,000 tu kwenye bei ya heka. Korosho ni kavu, ni ghali kwa uzito wake, haiozi njiani, na inasafiri mara moja kwa msimu kupitia ghala la chama. Barabara mbaya haikuwahi kuila sana. Mihogo mibichi, maembe na nyanya ndizo zilizokuwa zikiliwa na mashimo. Kwa hiyo mtu akikuambia shamba la mikorosho lililo kilomita mbili ndani limepanda mara kumi "kwa sababu ya lami", mwambie akuonyeshe hesabu.

Nauli iliyookolewa basi haifiki hata robo ya njia kuelekea milioni 24. Huko kunafikiwa na tabaka ya pili, ambayo ni uso wa barabara wenyewe. Inaishi kwenye ukanda mwembamba sana. Mita 40 nyuma ya kigingi unaweza kufungua fremu. Mita 200 nyuma unalima tu. Hapa ardhi haiuzi tena rutuba, inauza macho ya wapita njia. Na hapa ndipo panapotokea upotofu mkubwa kuliko wote.

Kilomita 160 zina pande mbili, kwa hiyo zina kilomita 320 za uso. Toa madaraja, mabonde na makorongo ya kushuka uwanda wa Makonde, kisha ugawe kwa viwanja vya mita 20. Hata ukitoa nusu, vinabaki viwanja 8,000. Tandahimba na Newala hazina wateja wa kulisha fremu 8,000 za barabarani, na hazitakuwa nao miaka kumi ijayo. Biashara inakusanyika kwenye njia panda, kwenye matuta yanayopunguza mwendo, kwenye stendi na mbele ya ghala la chama. Hapo pango ni la kweli na wapangaji wanalilipa kila mwezi. Sehemu nyingine yote ya uso ule inauzwa kwa bei ya njia panda wakati ni pori.

Namna ya kutambua ni rahisi, nayo ndiyo niliyompa yule mdogo. Ukisikia bei ya kiwanja, usiulize jirani kauza ngapi. Uliza mtu anapanga kiwanja kama hicho kwa kiasi gani. Yeye mwenyewe alikuwa amempangisha fundi pikipiki kipande cha mbele kwa 15,000 kwa mwezi, ambazo ni 180,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 15 hiyo ni ardhi ya milioni moja na laki mbili. Dalali anaitaka kwa milioni nne. Milioni mbili na laki nane zilizobaki hazilipwi na mpita njia yeyote wa leo. Zinalipwa na matumaini. Yakitimia, mnunuzi ameona mbali. Yasipotimia, ameganda na nguzo nne za zege na waya wenye kutu.

Mtwara na Lindi hatuhitaji kuhadithiwa jambo hili. Wakati wa matumaini ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, viwanja vilikuwa vikinunuliwa kwa simu na watu ambao hawajawahi kukanyaga Mikindani. Wengine walijenga hoteli. Ukipita leo utaona maeneo yaliyozungushiwa ukuta humo ndani kunaota mabungo tu. Ardhi haikuondoka na gesi ipo chini ya bahari. Kilichopungua ni matumaini, na bei ikayafuata.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosifu barabara huliruka. Barabara haipandishi pango kila mahali, pengine inalihamisha. Mwaka 1776 mchumi Adam Smith alisimulia jinsi wilaya zilizo karibu na London zilivyoliandikia bunge kupinga barabara za kulipia zisifikishwe kwenye wilaya za mbali. Hofu yao ilikuwa kwamba mashamba ya mbali, yenye vibarua rahisi, yangeuza majani na nafaka London kwa bei ya chini na pango lao wao lingeanguka. Walikuwa wanajua hasa walichokuwa nacho: hawakuwa na udongo bora, walikuwa na ukaribu, na ukaribu ni kitu ambacho mhandisi anaweza kumpa mwingine.

Sisi wa Kusini tumeliona hilo kwenye Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la Lindi lilisubiri pantoni. Baada ya daraja likabaki tope la Ndundu hadi Somanga, ambalo masika lilikuwa likilaza mabasi njiani. Penye foleni pana muuza samaki, muuza maji na mwenye jamvi la kulalia. Mahali pale palikuwa na pango lake, lililotokana na ubovu wa njia. Lami ilipofika, basi likapita kwa mwendo wa saa na abiria akala Nangurukuru au hakula kabisa. Hakuna aliyekuja kumfidia mwenye jamvi, na sidhani kama ilistahili afidiwe. Ila asiambiwe kwamba barabara imemnufaisha kila mtu kando yake.

Nirudi kwa swali la nani hasa anashika hiyo ziada, kwa sababu hapa picha ya "mwenye ardhi mvivu aliyetajirika" inadanganya kidogo.

Bei haisubiri lami. Inaruka pale habari inapofika, na habari haifiki kwa watu wote siku moja. Wa kwanza kujua ramani inapita wapi ni anayeichora. Anafuata anayeishika ofisini, kisha diwani, kisha dereva wa mkandarasi, kisha dalali, na mwisho kabisa mwenye shamba, anayeambiwa na bikoni iliyochomekwa katikati ya mihogo yake. Katikati ya safari hiyo ndipo mashamba yanaponunuliwa kwa bei ya shamba. Najua mzee mmoja aliyeuza heka mbili kwa milioni mbili na nusu akidhani amemwibia mnunuzi, maana bei ya kijiji ilikuwa milioni moja. Mnunuzi alikata viwanja kabla masika hayajaisha.

Sasa fikiria aliyemfuata. Huyu amenunua kiwanja kimoja kwa milioni nne taslimu, pengine ni mwalimu mstaafu na ni kiinua mgongo chake. Yeye hana ziada yoyote. Pango lote la miaka ijayo ameshalilipia siku ya kwanza, na akipata asilimia 15 yake kwa mwaka atakuwa amepata faida ya kawaida ya fedha yake. Ukimtazama kwa nje utasema amekaa juu ya utajiri wa barabara ya umma. Utajiri huo ulishaondoka na aliyemuuzia. Ndiyo maana nasema mjadala wa kuurudisha ukianza baada ya lami kukauka, unamkamata mtu ambaye hana kitu.

Na utajiri huo tunaukamataje? Lugha yetu ya sheria ilishajibu, sema hatuisikilizi. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Sisi wengine tuna haki ya kuitumia. Ndiyo sababu mwenye hati analipa kitu kiitwacho kodi ya pango la ardhi. Neno liko pale pale: mwenye hati ni mpangaji na mwenye nyumba ni umma. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, inapotaja mambo ya kuzingatia katika kupanga kiwango cha pango hilo, inataja ukubwa na matumizi ya ardhi, na inataja pia thamani yake kama inavyoonekana katika mauzo na upangishaji wa eneo hilo. Lakini kinachofanyika ni viwango kwa mita ya mraba kulingana na matumizi na eneo la jumla, na viwango hivyo havisogei lami inaposogea. Mwenye kibanda aliyetoka 20,000 hadi 60,000 anajua kupandisha pango kuliko serikali yenye ardhi yote ya nchi.

Kwenye ardhi ya kijiji, ambako mdogo wangu yule yuko, hata hicho hakipo. Ana haki ya kimila, hana hati ya mjini, halipi pango la kila mwaka. Akijenga fremu na kuvuta umeme ndipo kodi inamfikia, maana tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme, na iliwekwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida popote ilipo. Yaani aliyejenga analipa, na aliyeacha kiwanja cha njia panda kiote nyasi akingoja bei halipi. Kama ungetaka kumwambia mtu asiendeleze ardhi, usingepata njia bora zaidi.

Akiuza, iko kodi ya asilimia 10 ya faida. Lakini ardhi ya kilimo yenye thamani isiyofika milioni kumi, iliyolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia, imesamehewa. Msamaha huo uliwekwa kumlinda mkulima mdogo na mimi siupingi. Ila heka ya milioni 24 ikiuzwa kipande kimoja kimoja, kila kipande kinaweza kupita chini ya kamba.

Maoni yangu, na najua wenye viwanja watanuna: pango la mwaka lipimwe kwa mahali, lisihusike kabisa na jengo, na lianze siku vigingi vinapopigwa. Wanaohofia kwamba mwenye ardhi atamsukumia mpangaji mzigo huo wamsikilize tena mama lishe. Mwenye kibanda alishachukua kila alichoweza kuchukua. Kama angeweza kudai 70,000 angekuwa ameshadai, bila kusubiri kodi imfundishe. Kodi ya chapati ingempunguzia mtu hamu ya kukanda. Kodi ya mahali haipunguzi hata mita moja ya uso wa barabara, na kwa mwenye kiwanja kinacholala inamfanya atafute mpangaji haraka. Isitoshe, bei ya kununulia ingeshuka, maana mnunuzi angetoa kodi hiyo kwenye hesabu yake kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Ugumu upo, na si mdogo. Wathamini ni wachache wilayani. Mpaka wa kiwanja cha kijijini mara nyingi ni mti wa mwembe na kumbukumbu ya mzee. Bei zinazoandikwa kwenye hati za mauziano zinapunguzwa makusudi. Na bibi mwenye heka moja mbele ya lami, asiye na fedha taslimu mpaka korosho ziuzwe, hawezi kulipa kila Januari. Angehitaji deni lisubiri siku ardhi itakapouzwa au kurithiwa. Njia nyepesi zaidi kwa kijiji ni ile isiyohitaji mthamini: mpango wa matumizi bora ya ardhi upitishwe kabla ya vigingi, ukanda wa njia panda na stendi ubaki wa kijiji, na upangishwe kwa mnada kila baada ya miaka michache. Mnada unalisoma pango vizuri kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu kila anayepandisha dau anajua atauza chapati ngapi.

Kwa ndugu zangu wale ilikuwa imechelewa. Mdogo aliniuliza afanye nini, nikamwambia kwa hesabu ya yule fundi pikipiki auze kiwanja kimoja abaki na vingine, kwa kuwa anapewa fedha ya matumaini ya mtu mwingine. Kaka yake alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Hakusema kitu mpaka tulipotaja milioni nne, akauliza dalali anachukua ngapi. Akaambiwa asilimia kumi. "Naye alilima wapi huyo?" akauliza, akaendelea kuchonga.

Mnunuzi ni mtu wa Masasi, si mwanakijiji, kwa hiyo halmashauri ya kijiji ilibidi ikae kwanza na kuridhia. Baadaye tulikwenda ofisi ya mtendaji, chumba kimoja chenye meza na kabati lisilofungika. Fomu ya mauziano ilikuwa imerudufiwa mara nyingi hadi mistari yake imepauka. Mtendaji akaandika majina, akaandika ukubwa, mita 20 kwa 30, akaandika mipaka: mashariki barabara, magharibi shamba la muuzaji. Akaandika bei kwa tarakimu na kwa maneno. Akafika kwenye mstari unaosema "Maendelezo yaliyopo kwenye ardhi", akainua macho kumtazama mdogo.

"Hakuna," mdogo akasema.

Mtendaji akaandika: Hakuna.